Msaada wa pepa: kijana wa Busia anarapu Kiswahili halafu anachomeka Kiluganda, hapo anajiita nani?

mtoto_wa_mpakani

Habari zenu wakubwa. Niko mwaka wa pili hapa Kampala, nasoma kozi ya muziki pendwa, na lekchara ametupa pepa kuhusu vijana na lugha wanazochagua kwenye rapu ya Afrika Mashariki. Mimi nilianza kwa kuandika kwamba kijana akirapu Kiingereza anataka usasa, akirapu lugha ya kwao analinda asili, na akirapu Kiswahili anatafuta umoja wa Afrika Mashariki. Lekchara akapiga mstari mwekundu chini ya sentensi yote afu pembeni akaandika neno moja tu, "umejuaje?"

Sasa nimeamua nisihangaike na nyimbo kumi na mbili, nichukue mistari ya binamu yangu ambaye anarapu kule Busia mpakani na Kenya, ameniruhusu niitumie ila jina lake nisitaje. Mistari ni hii:

Natoka Busia na begi, viatu bado vya deni
Nze sirina mmundu, silaha yangu ni peni
Konda alinidisi, eti afande wa geti
Lugha ya mama yangu mnaivisha gwanda la jeshi

Nimehesabu maneno, yako 29. Kiingereza nimepata matano (begi, peni, konda, alinidisi, geti), Kiluganda matatu, yaliyobaki 21 nimeyaweka Kiswahili. Kwa hiyo nilitaka niandike kwamba Kiingereza kimeshinda Kiluganda, maana yake kijana anapenda usasa kuliko lugha ya jirani yake. Niko sawa ama napotea? Pepa naipeleka wiki ijayo.

kamwokya_daima

Uko sawa kabisa ndugu. Zamani Uganda watu wote walikuwa wanaiga Wamarekani, wanarapu Kiingereza cha puani, mpaka GNL Zamba alipokuja na Kiluganda ndio watu wakaamka wakajua kumbe mtu anaweza kurapu kama kwao. Kwa hiyo andika hivyo, Kiingereza ni kuiga, Kiluganda ni kujitambua, imeisha hiyo.

mzee_wa_kaseti

Kamwokya ndugu yangu, GNL ni mkubwa na heshima yake namwachia, yule mtu alichukua "koyi koyi" ambayo ni mlango wa vitendawili vya Waganda, kama vile sisi tunavyosema kitendawili mtu anajibu tega, akaufanya kiitikio ambacho hata bibi wa kijijini anakijua kuliko mjukuu. Ila hakuanza yeye. Bataka Squad walikuwa wanarapu Kiluganda toka miaka ya 90, Babaluku na wenzake, na hilo jina la Luga Flow, yaani rapu ya Kiluganda, linatoka kwenye mkondo wao. Na wakati huohuo walikuwepo Klear Kut, akina Navio na The Mith, wanashusha Kiingereza na kijana wa Kampala anawakubali. Kwa hiyo huwezi kuchora mstari kwamba kwanza watu waliiga, kisha wakaamka. Njia zote mbili zilikuwa wazi kwa pamoja.

Mimi wakati ule nilikuwa nauza kaseti mjini, nakumbuka ni nani ananunua nini. Redio za binafsi zilianza 1993, Sanyu na Capital, na watangazaji wake walikuwa wanaongea Kiingereza. CBS ya Buganda ikaja 1996 ikiongea Kiluganda. Kijana mwenye kaseti ya Kiingereza alikuwa na mlango wa kubisha na wa Kiluganda naye akapata wake, lakini aliyekuja na rapu ya Kiswahili kutoka mpakani hapa mjini nilikuwa namwambia ukweli, mwanangu sijui nikupeleke wapi. Hiyo ndio sehemu inayonifanya niipende mistari ya binamu yako.

Sasa kwenye hesabu yako. Hapo umekosea, na kosa lako ndilo linalofanywa na wengi, kwa hiyo nitalisema taratibu. Begi, peni, geti, konda, hayo maneno yalizaliwa Uingereza sawa, lakini nenda kamuulize nyanya yako kule Busia begi lake liko wapi, atakuonyesha, wala hatajiona kwamba ameongea Kiingereza. Hilo sio chaguo la kijana, amelikuta nyumbani. Kama unahesabu kwa kuangalia neno lilizaliwa wapi basi hata "afande" itabidi uandike Kituruki, maana linatoka kwenye efendi, na hakuna atakayekuelewa.

Neno la Kiingereza ambalo kijana amelichagua mwenyewe ni moja tu hapo, disi. Na hilo lenyewe litazame limevaaje: a-li-ni-disi. Nani, lini, amemfanyia nani, vyote vimesemwa kwa Kiswahili, Kiingereza kimeleta nyama tu, mifupa ni ya Kiswahili. Linganisha na "nze sirina mmundu". Pale hakuna hata kiungo kimoja cha Kiswahili, nze ni ya Kiluganda, si- na -rina ni za Kiluganda, nomino ni ya Kiluganda. Amehama nyumba mzima mzima, akakaa nusu mstari, akarudi. Kuna mama mmoja mtaalamu, Carol Myers-Scotton, alifanya kazi nyingi juu ya namna watu wa Nairobi wanavyochanganya Kiswahili na Kiingereza, na swali lake kubwa lilikuwa hilohilo, lugha gani inashika mifupa ya sentensi. Tafuta kitabu chake cha 1993, Duelling Languages, kwenye maktaba yenu, lekchara akiona umeanzia hapo hatakuuliza tena umejuaje.

Kwa hiyo kwenye mistari minne Kiingereza hakikuchukua hata sentensi moja, Kiluganda kimechukua moja nzima. Matokeo yako yamegeuka kichwa chini.

dogo_mwanza

Samahani niko Tanzania, nimepita tu. Mstari wa pili umenichanganya. "Sirina mundu" nimeelewa kama hana mundu wa kukatia majani, kwamba sio mkulima ni msomi, silaha yake ni peni. Nikaona poa sana, kijana ametoka shamba ameingia chuo. Ama?

mtoto_wa_mpakani

Hapana kaka, mmundu kwa Kiluganda ni bunduki 😅 anasema mimi sina bunduki.

dogo_mwanza

Aisee. Basi mimi nimesikia wimbo mwingine kabisa. Na hiyo "sirina" nilidhani ni "sina" ameivuta tu ili ikae kwenye biti.

mzee_wa_kaseti

Dogo umemsaidia mwenzio kuliko sisi wote, usiombe samahani. Mtoto wa mpakani, liandike hilo. Mstari mmoja, msikilizaji wa Kampala anasikia bunduki, wa Mwanza anasikia kifaa cha shamba, na wote wawili wanaona maana inabadilika ikifika kwenye peni. Sasa ile sentensi yako kwamba Kiswahili ni umoja wa Afrika Mashariki iweke pembeni mpaka uijaribu kwa masikio ya watu. Na unapoandika mistari kwenye pepa sikiliza rekodi mwenyewe, usichukue kwenye mitandao ya mashairi, kule mtu anaandika alivyosikia, ile m mbili anaifanya moja na ushahidi wako unapotea hapohapo.

mwalimu_arua

Nimesoma yote. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, West Nile, miaka mingi. Niseme ukweli haya mambo ya "alinidisi" yananiuma, tunahangaika darasani mtoto ajue alinidharau, alinibeza, alinikejeli, maneno yapo tele, afu anakuja mtu na disi. Mnaua lugha ambayo hapa Uganda hata haijasimama vizuri.

Ila mstari wa nne umenikalisha chini. Nyie vijana hamjui. Mwaka 1979 Amin alipoanguka mimi nilikuwa msichana mdogo, tukiwa safarini mama yangu alituambia kwenye basi msifungue mdomo kwa Kiswahili, maana ukisikika unaongea Kiswahili na sura ni ya West Nile basi wewe ni mtu wa Amin, umekwisha. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi toka enzi za KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, Amin akakipa cheo cha lugha ya taifa, na waliokuja baadaye pia jeshi lao liliendelea nacho. Sa mtu wa Kampala kitu alichokuwa anasikia kwa Kiswahili ni toa kitambulisho, lala chini, leta pesa. Sisi ambao tumekinyonya kwa mama tulibaki tunabeba mzigo wa watu wenye bunduki. Kwa hiyo huyo kijana anaposema mnaivisha gwanda la jeshi, mimi nalia kweli.

mtoto_wa_mpakani

Mwalimu asante sana. Naomba ruhusa niitumie hiyo ya kwenye basi? Bila jina.

mwalimu_arua

Itumie mwanangu. Na disi nayo andika kwamba mwalimu hakuikubali.

biti_za_malaba

Wakuu me naona mnazunguka, swali ni lugha gani inauza si ndio? Me najibu kutokana na yaliyonikuta. Nilirekodi ngoma nzima kwa Kiswahili, nikapeleka redio moja ya Kampala, jamaa akasikiliza nusu dakika akaniambia peleka Kenya. Nikapeleka Kenya upande wa pili wa mpaka wakasema Kiswahili chako ni cha Uganda hakina Sheng hakina ladha. Kwa hiyo kijana mwambie arapu Kiluganda kiitikio, Kiswahili kwenye beti, hata akina Chameleone walichanganya lugha wakatoboa.

mzee_wa_kaseti

Biti pole kwa hiyo safari. Swali lake halikuwa la kuuza lakini ulichosema kina uzito, maana mtu akikuambia peleka Kenya amekwisha kukuambia wewe sio wa hapa, na lugha ndio imekutoa. Chameleone tuseme sio mtu wa rapu, ni mwimbaji, na yeye alipitia Nairobi kwenye studio ya Ogopa kwanza, kule Kiswahili ndio lugha ya kazi, aliporudi alirudi nacho kikiwa kimeshavaa nguo za sherehe sio za jeshi. Mtu anayekaa Busia au Malaba hajapata nafasi hiyo.

Na hapo ndipo pepa inatakiwa itofautishe nchi, ila usiandike kurasa kumi, aya moja inatosha. Dar es Salaam toka Saleh Jabir mwanzoni mwa 90 mtu akirapu Kiswahili hakuna anayegeuka kumwangalia, ni kama kuvaa viatu, sa kijana wa kule anajitambulisha kwa Kiswahili kipi, cha mtaa gani, na hata jina la Bongo limetoka kwenye ubongo, kwamba mjini unaishi kwa akili. Nairobi wana Sheng, Kalamashaka waliotoka Dandora walijulikana kwa lugha ya mtaa wao. Uganda kijana akifungua mdomo kwa Kiswahili anatakiwa kwanza aeleze kwa nini. Lugha moja, kazi tatu tofauti.

kamwokya_daima

Sawa mzee nimekubali ya Bataka, nimeuliza kaka yangu amesema ni kweli. Lakini hiyo ya nyama na mifupa bado sijashiba. Mfano Unbwogable ya Gidi Gidi Maji Maji, ile ya 2002 iliyoimbwa kwenye uchaguzi wa Kenya. Hiyo ni lugha gani? Kwa sheria yako mifupa ni Kiingereza, un na able, kwa hiyo ni Kiingereza? Mjaluo yeyote atakuambia hiyo ni yetu.

mzee_wa_kaseti

Swali zuri kuliko langu hilo. Ndio, pale mambo yamepinduka, nyama ni Dholuo, bwogo ni kutisha, na mifupa ya Kiingereza. Na aliyejisikia kutajwa pale ni Mjaluo. Kwa hiyo nikiri kwamba mifupa inakuonyesha sentensi imejengwaje, haikuonyeshi mtu anajisikia nani. Hizo ni hatua mbili na wengi wanazirukia kwa mpigo. Kwanza onyesha muundo, halafu ndipo umuulize mwenyewe na wanaomsikiliza. Akisema tofauti na muundo, usimlazimishe.

mtoto_wa_mpakani

Nimempigia binamu jana usiku. Nimemuuliza tu kwa nini mstari wa pili umeanza na nze, sikumwongoza. Maneno yake kama nilivyoyaandika: "Yule konda alinisemesha Kiluganda nikamjibu Kiswahili akanicheka mbele ya teksi nzima, akaniita afande wa geti. Sikuweza kumjibu siku ile. Nimemjibu kwenye wimbo, na nimemjibu kwa lugha yake ili asiseme hakusikia." Nikamuuliza na disi je, mbona hukusema alinidharau. Akanyamaza, akasema hiyo hata sikuifikiria, ndio tunavyoongea.

Kwa hiyo Kiluganda alikichagua, disi ilimtoka tu. Mnaonaje niandike hivyo?

mwalimu_arua

Kwa hiyo hata yeye hakuichagua hiyo disi. Mimi nilijua.

biti_za_malaba

Me napinga kidogo. Mimi narapu, najua. Ukiwa unaandika biti ndio inakuamulia. "Mimi sina bunduki" ni nzito mdomoni, "nze sirina mmundu" inapiga, ile mm inakaa juu ya ngoma kubwa kama imepigwa nyundo. Anaweza kukuambia habari za konda leo lakini siku ile studio alifuata sauti tu. Wasanii tukiulizwa tunatafuta sababu nzuri.

mzee_wa_kaseti

Hesabu silabi Biti. Mimi-sina-bunduki, mi mi si na bu ndu ki, saba. Nze si ri na, hapo nne, halafu ile m ya mbele ukiipa pigo lake kama Waganda wanavyoitamka, m mu ndu, tatu, jumla saba. Mapigo ni yaleyale. Na kina kiko mwisho wa mstari kwenye peni, hakiguswi na hilo. Tazama hata vina vyake: deni, peni, geti, jeshi, silabi za mwisho hazifanani zote ila irabu ni e na i mistari yote minne, mtu wa shairi la kale angemkata alama, mtu wa rapu anamwelewa. Kwa hiyo Kiswahili kingekaa palepale bila kuvunja kitu. Biti haikumlazimisha.

biti_za_malaba

Idadi ni sawa lakini uzito sio sawa mzee. Saba za kalamu na saba za mdomo ni vitu viwili. Bu-ndu-ki inashuka mwishoni, mmundu inaanza na kishindo. Naomba nisikubali.

mzee_wa_kaseti

Haya, usikubali, na mtoto aandike zote mbili. Zinaweza kuwa kweli kwa pamoja.

dogo_mwanza

Mi nashauri kitu kimoja. Kama mimi nimesikia mundu wa majani, chezea watu watatu tofauti. Mmoja wa kwenu Busia, mmoja Mganda wa mjini, na mimi nitumie sauti niwachezee jamaa zangu hapa. Msiwape maandishi, wasikilize tu, afu waulize huyu anaongea na nani. Usiwaulize "huyu anajitambulisha kama nani", wataanza kukupa majibu ya shule.

mtoto_wa_mpakani

Dogo nimekutumia. Na leo asubuhi kabla ya darasa nimeanza. Nimepita kwenye paki ya teksi, kuna konda mmoja huwa ananibeba, nikamwekea spika ya simu sikioni. Mstari wa kwanza alikuwa anahesabu chenji hana habari. Alipofika "nze sirina mmundu" akasimamisha mkono, akacheka, akarudia mwenyewe kwa sauti, "nze sirina mmundu!" Akaniuliza huyu wa wapi, nikamwambia Busia. Akasema aa, huyu amekaa hapa. Mstari wa konda ulipofika akasema "banange, ananisema mimi."

Shangazi yangu wa Busia nilimchezea kwa simu, yeye alichoshika ni viatu vya deni, akauliza deni lenyewe ni shilingi ngapi na kwa nini hakumwambia 😢 mengine yote hakuyagusa. Ya Kiluganda alielewa vizuri tu, hakuona kama ni kitu.

kamwokya_daima

Hiyo ya konda weka kwenye ukurasa wa kwanza kabisa.

mzee_wa_kaseti

Konda mmoja ni konda mmoja, andika hivyohivyo kwamba ni mmoja. Ila niambie jambo. Baada ya kurudia "nze sirina mmundu", ile nusu ya pili ya Kiswahili, silaha yangu ni peni, aliisikia? Maana kama alicheka akaishia kwenye Kiluganda, basi binamu yako amemjibu nusu tu, na jibu lenyewe liko upande ambao konda hakufika.

mtoto_wa_mpakani

Sikumuuliza. Teksi ilijaa akaondoka. Kesho saa moja nitakuwa pale tena.